Jinsi ya kujibu kwa maandishi tathmini ya kazi usiyokubaliana nayo

Tuchukue karani wa nyaraka katika kampuni ya wakala wa forodha mjini Mombasa. Kazi yake ni kupokea hati za wateja, kuandaa entri, yaani tamko la forodha la kila mzigo, na kuziwasilisha KRA kwenye mfumo wa forodha wa iCMS, ili mzigo utoke Kilindini kabla siku za bure hazijaisha na bandari haijaanza kutoza storeji, yaani ada ya mzigo kukaa bandarini. Tathmini ya Januari hadi Juni imetoka. Kwenye kipengele cha 3, "Uwasilishaji wa entri kwa wakati", chenye uzito wa asilimia 40, amepewa 2 kati ya 5, na msimamizi ameandika sentensi moja tu: "Huchelewesha entri. Makontena 11 yalitozwa storeji." Jumla yake imeshuka hadi 58, na kanuni za kampuni zinasema aliye chini ya 60 hapati nyongeza ya mshahara.

Mfano huu ni wa kutunga, lakini umbo lake ni la kila siku. Malalamiko yana ukweli ndani yake, kwa sababu makontena 11 yalitozwa kweli. Swali la kujibu kwenye karatasi ni kama 11 hayo ndiyo kitu ambacho fomu iliahidi kupima.

Siku ya kupewa fomu

Usikatae kutia sahihi. Ukikataa, msimamizi ataandika "amekataa kutia sahihi", alama zitabaki vilevile, na mjadala utahama kutoka kwenye kazi yako hadi kwenye tabia yako. Tia sahihi, na kando yake andika kwa mkono wako: "Nimepokea. Sikubaliani na alama ya kipengele cha 3. Maelezo yangu yatafuata kwa maandishi." Weka tarehe. Kama fomu ina nafasi ya maoni ya mfanyakazi, andika maneno hayo hapo. Usijaribu kubana utetezi wote kwenye mistari mitatu. Kisha omba nakala ya fomu kamili, pamoja na ukurasa wa malengo uliotiwa sahihi mwanzoni mwa kipindi.

Angalia siku ulizonazo. Baadhi ya kanuni za kazi na mikataba ya vyama vya wafanyakazi hutaja muda wa kukata rufaa. Kama hakuna uliotajwa, jiwekee siku 5 za kazi. Barua inayofika baada ya mwezi husomwa kama ya mtu aliyeamka baada ya kuona orodha ya nyongeza.

Hakikisha pia ulichopewa ni tathmini kweli. Barua inayokutaka ueleze kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu, au inayokuita kwenye kikao kuhusu utendaji duni, ni jambo jingine, na ina tarehe yake ya mwisho ya kujibu. Nchini Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Ukipokea barua ya namna hiyo, tafuta mwakilishi au wakili kwanza. Mwongozo huu ni wa fomu ya tathmini.

Tafuta kipimo kabla ya kutafuta ushahidi

Wengi hukosea hapa. Huanza kukusanya barua pepe za wateja waliowashukuru na vyeti vya mafunzo, halafu wanaandika kurasa sita ambazo hazigusi kilichopimwa.

Fungua ukurasa wa malengo na unakili lengo neno kwa neno, kwa lugha ileile ya fomu. Ofisi nyingi za mjini fomu zao ni za Kiingereza. Ukitafsiri lengo, utapewa nafasi ya kubishana juu ya tafsiri. Kwa karani wetu, maana yake ni hii: asilimia 95 ya entri ziwasilishwe ndani ya saa 24 baada ya kupokea nyaraka kamili. Nyuma ya fomu kuna ufunguo wa alama: 3 ni kufikia asilimia 95, 4 ni kufikia 97, na 5 ni kutokosa hata moja.

Sasa weka sentensi ya msimamizi kando ya lengo. Lengo linahesabu kuanzia saa nyaraka zilipokamilika. Msimamizi amehesabu makontena yaliyotozwa storeji, na storeji huhesabiwa na bandari kufuatana na mzigo uliposhuka, si kufuatana na saa ambayo mteja alikumbuka kutuma ankara. Hivi ni vipimo viwili tofauti. Barua nzima itasimama juu ya tofauti hiyo moja, na ukiweza kuieleza kwa sentensi mbili, umeshapata nusu ya kazi.

Si kila maneno ya msimamizi yanajibika kwa namna hii. "Hana bidii ya kutosha" ni maoni. Huwezi kuyapinga kwa rejista; unaweza tu kuuliza kwa adabu ni tukio gani yametokana nalo. Vipengele ambavyo alama yake ni ya haki, viache. Anayepinga vipengele vyote vitano huonekana anapinga kupimwa.

Hesabu yako mwenyewe

Pitia rejista ya entri ya kipindi kizima, si mafaili ya yale makontena 11 peke yake. Karani wetu anakuta alishughulikia mafaili 214. Kwa kila moja anaangalia mambo mawili: saa nyaraka ya mwisho iliyohitajika ilipofika, na saa entri ilipowasilishwa kwenye mfumo. Anakuta entri 5 zilipita saa 24. Basi 209 kati ya 214 zilikuwa ndani ya muda, ambayo ni asilimia 97.7.

Kisha anarudi kwenye yale 11. Katika mafaili 6, hati za mteja zilikamilika baada ya meli kutia nanga. Mawili yalisubiri ukaguzi wa KEPHIS, taasisi ya afya ya mimea, na entri zake zilikuwa zimeshawasilishwa. Moja liliingia akiwa likizoni na likashikwa na mwenzake. Yanabaki mawili, na hayo ni yake: moja aliingiza msimbo wa bidhaa wa HS usio sahihi ikabidi entri irekebishwe, la pili lilimponyoka kwenye wikendi ndefu ya Idd.

Hayo mawili yaandikwe kwenye barua, tena mapema. Na zile entri 3 nyingine zilizochelewa bila kutozwa storeji, ambazo msimamizi hakuzitaja kabisa, nazo ziandikwe. Inauma, lakini ofisi ya rasilimali watu itafungua mfumo uleule. Ikikuta umeficha 3, haitaamini 209. Ikikuta umezitaja mwenyewe, haitaona haja ya kuhesabu upya.

Ushahidi unaosomeka

Andaa jedwali la ukurasa mmoja kwa yale mafaili 11. Safu hazizidi tano. Hivi ndivyo mistari mitatu ya karani wetu inavyoonekana:

| Faili | Mzigo ulishuka | Nyaraka zilikamilika | Entri iliwasilishwa | Maelezo |
|---|---|---|---|---|
| 061 | 13 Machi | 17 Machi, 10:15 | 17 Machi, 15:40 | Ankara ilikosa ukurasa wa 2 |
| 088 | 2 Aprili | 1 Aprili, 09:30 | 1 Aprili, 14:05 | Ilisubiri ukaguzi wa KEPHIS |
| 079 | 28 Machi | 27 Machi, 11:20 | 1 Aprili, 08:50 | Kosa langu |

Andika saa kama zinavyosomeka kwenye mfumo. Ukigeuza 10:15 kuwa "saa nne na robo" ndani ya barua, huku kiambatisho kinasema 10:15, kuna mtu atasoma saa nne kama 4:00 na kukuuliza mbona tarakimu hazilingani.

Faili 061 linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndilo aina inayozua ubishi. Mteja alituma barua pepe Ijumaa tarehe 14 Machi saa 16:52 akiandika "nimeambatisha hati zote". Msimamizi anaweza kutaka kuhesabu kuanzia hapo. Lakini ankara iliyoambatishwa ilikuwa na ukurasa wa kwanza tu, bila jumla ya thamani, na bila thamani hakuna entri inayoandalika. Saa 17:10 karani alijibu akiomba ukurasa wa pili. Ulifika Jumatatu saa 10:15, na entri iliingia 15:40, yaani saa 5 na dakika 25 baadaye. Ushahidi wa faili hili ni barua pepe tatu na ukurasa wa mfumo unaoonyesha nambari ya entri na saa yake. Ile barua ya 17:10 ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha upungufu uligunduliwa siku ileile, si baada ya lawama. Usipokuwa na barua kama hiyo, sema hivyo na uegemee tarehe ya hati iliyokamilika. Usiandike leo barua ya kumkumbusha mteja athibitishe yaliyopita, itaonekana imetafutwa.

Picha ya skrini isiyo na kichwa cha barua pepe, yaani aliyetuma, aliyepokea, tarehe na saa, haina thamani. Ni afadhali kuhifadhi barua nzima kama PDF. Mazungumzo ya WhatsApp hukubalika kama mwasiliani anatambulika na tarehe inaonekana, lakini usikate ujumbe mmoja katikati ya mazungumzo. Toa ukurasa mzima, hata kama kuna sentensi yako inayokuaibisha kidogo.

Kuna hatari moja ambayo imewaponza watu wenye hoja nzuri. Usijitumie hati za wateja kwenye barua pepe yako binafsi. Hati hizo zina nambari za PIN, bei na siri za biashara. Kampuni nyingi huhesabu kitendo hicho kuwa ukiukaji wa usiri, na taarifa za watu binafsi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Utakuwa umeanza na kesi ya alama ukaishia na kesi ya nidhamu. Fanya kazi ndani ya mfumo wa kampuni. Kwenye barua taja nambari ya faili na mahali hati ilipo, na ambatisha tu kile kinachohitajika, majina na bei za wateja zikiwa zimefunikwa. Anayesoma ana ruhusa ya kuona asili yake. Sheria hiyohiyo, kwa upande mwingine, inakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi alizonazo mwajiri na kuomba zile za uongo au za kupotosha zirekebishwe, kwa hiyo kuomba nakala ya fomu yako si ukorofi.

Mwenzako aliyeshika faili ukiwa likizoni usimtaje kwa jina wala kwa kosa. "Niliidhinishiwa likizo tarehe hizi, faili halikuwa mkononi mwangu" inatosha, na kiambatisho ni fomu ya likizo. Ukimtupia lawama, utapata adui bila kuongeza alama.

Barua yenyewe

Isizidi kurasa mbili bila viambatisho. Ielekeze kwa meneja wa rasilimali watu kupitia kwa msimamizi wako, isipokuwa kanuni zinasema vingine. Kumruka msimamizi hata kwa nakala kunaipa barua sura ya uchongezi. Hivi ndivyo ya karani wetu inavyosomeka:

> Kwa: Meneja wa Rasilimali Watu
> Kupitia: Msimamizi wa Kitengo cha Nyaraka
>
> MINT: MAOMBI YA KUPITIWA UPYA KWA ALAMA YA KIPENGELE CHA 3, TATHMINI YA JANUARI HADI JUNI
>
> Naomba alama ya kipengele cha 3 ipitiwe upya kutoka 2 hadi 4. Vipengele vingine vinne nimevikubali.
>
> Lengo tulilotia sahihi mwezi Januari (Kiambatisho A) linapima entri zilizowasilishwa ndani ya saa 24 baada ya nyaraka kamili kupokewa. Maelezo ya tathmini yanataja makontena 11 yaliyotozwa storeji. Storeji inategemea pia siku mzigo uliposhuka, siku mteja alipokamilisha hati, na ukaguzi wa taasisi nyingine.
>
> Rejista (Kiambatisho B) inaonyesha mafaili 214, ambapo 209 yaliwasilishwa ndani ya muda, sawa na asilimia 97.7. Matano yalichelewa, na nayakubali. Mawili kati ya hayo, 079 na 102, yalisababisha storeji kwa makosa yangu. Tangu Aprili nimekuwa nikihakiki mafaili yote yaliyo wazi siku moja kabla ya sikukuu.
>
> Mafaili 9 yaliyobaki katika yale 11 yameelezwa moja moja katika Kiambatisho C, pamoja na marejeo ya hati zake.
>
> Kwa mujibu wa ufunguo wa alama, asilimia 97 ni alama ya 4. Kwa uzito wa asilimia 40, pointi za kipengele hiki zitapanda kutoka 16 hadi 32, na jumla kutoka 58 hadi 74.
>
> Niko tayari kukutana nanyi na msimamizi wangu kupitia faili lolote. Naomba barua hii iambatanishwe na fomu ya tathmini katika faili langu.

Ombi limetangulia. Meneja aliye na rundo la fomu mezani atajua unataka nini hata akisoma mistari miwili tu. Na alama inayoombwa ni ile ambayo ufunguo unaitoa. Kuomba 5 "kwa sababu nimejituma" kungeharibu hesabu yote iliyo juu yake.

Barua haisemi kwa nini msimamizi alikosea. Hilo ndilo gumu kuliko yote. "Ananionea", "ana chuki binafsi", "kila mtu ofisini anajua" ni madai juu ya moyo wa mtu, na huwezi kuyaambatishia kitu. Weka mfumo au karatasi iwe mtendaji wa sentensi: badala ya "Msimamizi amesema uongo kuhusu faili 061", andika "Rejista inaonyesha nyaraka za faili 061 zilikamilika tarehe 17 Machi". Ondoa pia ile sauti ya kunyenyekea kupita kiasi. "Naomba radhi sana kwa kuthubutu kuandika" hupunguza uzito wa tarakimu zinazofuata. Barua za Kiswahili zina desturi ya salamu na heshima, na sentensi moja ya heshima inatosha. Ukiandika usiku, usitume mpaka asubuhi, na umpe mtu asiye wa ofisini aisome. Mwulize: anataka nini, na kwa nini? Akishindwa kujibu, barua haijaiva.

Kama unaamini alama zimetokana na dini, kabila, jinsia, ujauzito au ulemavu, hilo ni lalamiko la ubaguzi na lina njia yake. Liandikie barua yake. Ukilichomeka kwenye aya ya mwisho ya barua ya storeji, yote mawili yatadhoofika.

Kupeleka na kufuatilia

Chapisha nakala mbili. Viambatisho viwe na herufi juu ya kila ukurasa wa kwanza, na kurasa zihesabiwe moja kwa moja, 1 hadi mwisho. Nakala moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama hakuna muhuri, jina na sahihi ya aliyepokea. Siku hiyohiyo tuma PDF moja kwa barua pepe ya kazini, nakala kwa msimamizi. Mwambie msimamizi kwa mdomo kabla hajaiona: "Bosi, nimeandika kuhusu kipengele cha 3, nakala yako hii hapa." Mtu aliyeambiwa uso kwa uso hujibu tofauti na aliyeshtukizwa.

Siku 10 za kazi zikipita kimya, tuma ukumbusho wa mistari miwili unaotaja tarehe ya muhuri. Baada ya hapo ngazi inayofuata ni utaratibu wa malalamiko ulio kwenye kanuni za kampuni, au mwakilishi wa chama kama unacho.

Mara nyingi jibu huwa nusu: kipengele kinapandishwa hadi 3, pointi 24, jumla 66. Kabla ya kukataa, angalia 66 inakupeleka wapi. Kwa karani wetu imeshavuka 60, na makosa yake mawili yalimgharimu mteja fedha. Sisi tungekubali. Wakikataa kabisa, barua bado ina kazi. Tathmini hiyo ikija kutumika siku moja kama sababu ya kumwachisha kazi, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha sababu yake, na kwenye faili kutakuwa na karatasi yenye muhuri inayosema lengo lilikuwa lipi na rejista ilisema nini wakati ule.

Mkikutana, mwandikie meneja kesho yake barua pepe fupi: kilichokubaliwa, nani atafanya nini, lini. Fomu ikirekebishwa, hakikisha ina sahihi mpya za wote wawili na tarehe ya marekebisho, kwani fomu iliyofutwafutwa kwa kalamu huzua maswali mwakani. Kisha uliza kama alama mpya imefika kwa anayeandaa orodha ya nyongeza. Faili hukaa kwenye kabati na orodha hukaa kwenye kompyuta ya mhasibu, na si mara moja 66 imebaki kabatini huku kompyuta ikiendelea kusoma 58.